Kalamu Tatu, Makala Yale Yale

Tulikuwa watatu, na makala yetu yalihusu Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed iliyochapishwa mwaka wa 1980. Mmoja alishughulikia maudhui, wa pili wahusika, nami nikatwaa mtindo. Sehemu zilipounganishwa, nikapewa kazi ya kuzioanisha.

Tofauti za juu juu hazikutusumbua sana. Mmoja aliandika "makala hii", mwingine "makala haya". Wa kwanza alisimulia matukio kwa -li-, yaani "Maksuudi alimfungia Maimuna nyumbani". Wa pili alisema "anamfungia". Kuna hata aliyejiita "mwandishi wa makala haya", mazoea ambayo, kwa maoni yangu, humfanya msomaji asijue anazungumziwa mhakiki au mwandishi wa riwaya. Katika kikao kimoja tuliafikiana: "makala haya", nafsi "sisi", -na- kwa matukio ya riwaya, -li- kwa historia ya uchapishaji. Kila mmoja akasahihisha sehemu ya mwenzake, kwa kuwa jicho huyapita maneno liliyoyazoea.

Kilichotushughulisha ni neno moja: dhamira. Katika sehemu ya kwanza lilimaanisha wazo kuu. Katika ya pili, nia ya mwandishi. Maana zote mbili zinatumika katika uhakiki wetu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa amepotoka. Hata hivyo, kubadilisha kila "dhamira" kuwa "maudhui" kungezaa sentensi kama "maudhui ya mwandishi ni kumtetea Maimuna", ambayo haina maana. Ilinibidi nilisome kila tukio la neno hilo katika muktadha wake: palipokusudiwa wazo nikaweka "maudhui", palipokusudiwa nia nikaacha "dhamira".

Hapo ndipo ufa ulipoonekana. Sehemu ya kwanza ilimwona Maimuna kuwa mhasiriwa wa kuta za babake. Ya pili ilimwona msichana anayejiamulia, kwani anatoroka kwa miguu yake mwenyewe. Neno moja lenye maana mbili lilikuwa limeufunika ubishi huo. Ningeweza kuweka "hata hivyo" kati ya aya hizo, na lugha ingetiririka vizuri huku hoja zikipingana chini yake. Sikufanya hivyo. Mwoanishaji ana mamlaka juu ya nafsi, wakati na istilahi. Msimamo ni wa waandishi wote. Nilizinakili sentensi mbili zinazopingana kwenye karatasi moja, nikawapelekea wenzangu.

Walibishana siku mbili, kisha wakaleta sentensi hii: "Kufungiwa kunamnyima Maimuna ujuzi wa ulimwengu, lakini hakumnyimi hiari, ndiyo maana anatoroka, na ndiyo maana anapotea." Kila sehemu ililazimika kupoteza aya nzima ili sentensi hiyo ipate nafasi.

Mwishoni tulimwomba mwanafunzi asiyehusika ayasome makala kwa sauti, nasi tukatia alama kila alipokwama. Alikwama mahali patatu, pote katika sentensi za maneno zaidi ya arobaini. Tulizikata mbili. Ya tatu tuliiacha, kwa kuwa mwenyewe aliitetea, na hoja yake ilikuwa nzuri.