Tisa ya Kopa

Dada mmoja tunayefanya naye kazi ya vijana alikuja kwangu usiku na karata. Anampenda mume wa mtu. Alitaka kujua kama jamaa atamuacha mke.

Mimi nilifundishwa na shangazi. Unaondoa mbili mpaka sita, zinabaki 32. Mfalme wa kopa ndiye mwanaume, unamlaza juu ya mkeka. Zile 31 unachanganya, unatoa tatu: yaliyopita, ya sasa, yanayokuja. Zikatoka ree ya kopa, malkia wa pau, kumi ya shupaza. Malkia nikasema ni mke, kumi ya shupaza ni huzuni. Ree ya kopa ina maana mbili, mapenzi na nyumba. Nikamwambia mapenzi tu, maana alikuwa ananitazama machoni. Hapo nilikosea.

Akasema changanya tena. Mara ya saba ikatoka tisa ya kopa, karata ya haja kutimia. Wee, alipiga kelele mpaka jirani akakohoa!

Lakini hesabu ni rahisi. Ukitoa tatu kati ya 31, tisa ya kopa huja karibu mara moja katika kila kumi. Ukirudia mara saba, ni nusu kwa nusu utaiona. Tulizisumbua tu mpaka zikatii.

Nikamrudishia ile ya kwanza, na nyumba nikaitaja. Nikamwambia pia kwamba yule mama hakushika karata hizi, ya moyoni mwake siyaoni. Ya jamaa vilevile.

"Yeye mwenyewe amewahi kukuambia anaachana naye?"

Akaanza kuzikusanya, akazifunga na mpira.