Methali na Salamu ya Dini Katika Barua ya Kuomba Kazi

Tuseme umeagizwa kuandika barua ya kuomba kazi ya ukarani wa stoo katika duka la jumla Kariakoo. Umeshaandika anwani zote mbili, tarehe, "Ndugu," na kichwa cha barua. Kisha unaanza kiini: "Assalamu alaikum. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba." Je, uyaache au uyafute?

Mimi ninaposahihisha huifunika kwa kidole sentensi yenye shaka, nikasoma inayobaki. Ukiifunika salamu, mwajiri hakosi taarifa yoyote, maana nafasi yake imeshachukuliwa na "Ndugu". Ukiingia ofisini Kivukoni bila kusalimu utaonekana huna adabu, lakini barua rasmi humfikia mtu usiyeijua dini yake, naye anatafuta sifa zako za kazi. Ifute.

Methali ni ngumu zaidi, kwa kuwa inadokeza kwamba wewe huvijali hata vitu vidogo. Hata hivyo, inadokeza tu, haithibitishi. Andika badala yake: "Kwa miezi 6 nimetunza daftari la kupokea mzigo katika duka la nafaka la mjomba wangu." Maana ni ileile, ila sasa ina ushahidi. Methali yenyewe iwekee akiba insha.

Ukimwandikia sheikh au padri kuomba kazi katika taasisi yake ya dini, salamu moja fupi haina ubaya. Swali lisipotaja taasisi ya namna hiyo, anza kiini kwa kutaja kazi unayoomba.