Biskuti za mama na hesabu niliyoikosea

Mama yangu, tunayeishi naye Mbagala, ana kisukari cha miaka mingi. Mwaka jana jamaa yetu alimletea kutoka Uingereza biskuti zilizoandikwa kuwa hazina sukari. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimesikia habari ya "wanga halisi", nikakaa na kalamu. Biskuti nne zilikuwa na wanga gramu 28, alikoholi za sukari gramu 10 na nyuzinyuzi gramu 4. Nikatoa vyote viwili, nikabakiwa na 14. "Mama, kula tu," nikamwambia.

Kabla ya kula, kipimo kilisoma 6.8. Alizila kwa chai isiyo na sukari, bila kingine, na baada ya saa mbili kikasoma 12.1. Mama akaniangalia: "Mwanangu, hesabu yako imenidanganya."

Kosa la kwanza lilikuwa la nyuzinyuzi. Katika vibandiko vya Kimarekani, nyuzinyuzi zimo ndani ya jumla ya wanga na huandikwa chini yake, zikiwa zimesogezwa ndani kidogo. Hapo kuzitoa ni sahihi. Katika vya Uingereza na Ulaya, wanga huandikwa ukiwa umekwisha kutolewa nyuzinyuzi, nazo hupewa mstari wao wenyewe. Mimi nilizitoa mara ya pili.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Alikoholi za sukari (jina hili lilimtia mama wasiwasi, lakini ni istilahi ya kikemia tu, hazilevi wala si pombe) hazifanani. Erithritoli, inayoandikwa pia E968, hufyonzwa lakini karibu yote hutoka na mkojo bila kugeuka sukari, hivyo yafaa kuitoa yote. Biskuti za mama zilikuwa na maltitoli, E965. Hiyo utumbo huivunja kwa sehemu, ikatoa glukosi inayoingia katika damu. Iliyobaki hushuka chini, bakteria wakaichachusha, ndiyo maana usiku ule tumbo lake lilijaa gesi. Kwa maltitoli, desturi ya wataalamu wengi wa lishe ni kutoa nusu tu.

Basi nikahesabu upya: 28, ukitoa 5, ni 23. Nyuzinyuzi sikuzigusa. Hiyo si 14 hata kidogo, na gramu 18 kati yake zilitokana hasa na unga wa ngano, ambao neno "bila sukari" halikuugusa.

Hata hiyo nusu ni makadirio, maana matumbo hayalingani. Kwa anayejidunga insulini kwa kufuata hesabu ya wanga, tofauti ya gramu 9 yaweza kubadili kipimo cha dawa, naye asiibadilishe bila kuzungumza na daktari wake. Mama anameza vidonge, kwa hiyo sasa twafanya hivi: chakula kipya kikija, anapima kabla, anakula kidogo, anapima tena baada ya saa mbili, nami naandika katika daftari.

Biskuti zilizobaki walizila wajukuu.