Duka lilibaki Masisi, wanunuzi walihama na simu zao

Wasikilizaji na wasomaji wetu wa Masisi na Walikale, na nyinyi ndugu mulio mbali na nyumbani, leo ninawaeleza habari ya vitenge vya yaya yangu. Wengi munamujua, maana mulinunua kwake Masisi-centre kabla ya vita kufika.

Mwezi wa pili wa mwaka 2024, mapigano yalipokaribia Sake na barabara ya Goma kwenda Masisi ikafungwa kwa mizigo, yaya alikuwa Goma ameenda kununua mali. Akakwama huko na vitenge vyake. Duka lilibaki mikononi mwa mdogo wetu. Wanunuzi nao walitawanyika: wengine Bulengo, wengine Lushagala, wengine Minova, wengine walipita porini mpaka Walikale. Lakini kila mmoja aliondoka na simu yake, au na namba ya jirani.

Ndipo yaya akaanza kuuza kwa WhatsApp. Hakujifunza kwa mtu. Alipiga picha ya kitenge, akaweka kwenye status, akasema bei kwa sauti, kwa sababu mama wengi wanapenda kusikia kuliko kusoma. Siku ya kwanza aliuza vitatu. Nilifikiri shida imekwisha. Kumbe kupata mnunuzi ndiyo sehemu iliyokuwa nyepesi.

Shida ya kwanza ilitokea dukani kwenyewe. Mdogo wetu alikuwa na kitenge kimoja cha rangi ya buluu chenye ndege. Yaya akakiuza kwa simu kutoka Goma kwa mama mmoja wa Nyabiondo, makuta ikatumwa. Saa ileile mtu mwingine akaingia dukani Masisi, akalipa, akaondoka nacho. Kitenge kimoja, watu wawili wamelipa. Yaya alirudisha pesa, na gharama ya kutuma ikawa juu yake. Mwenye duka akiuza kwa milango miwili, mlango wa mbao na mlango wa simu, lazima mali ihesabiwe mahali pamoja. Kwa hiyo walipatana hivi: kitabu ni kimoja, kiko kwa mdogo wetu. Yaya asikubali kuuza kitu cha Masisi kabla ya kupiga simu na kusikia, "nimekitoa kwenye kamba." Kikitolewa kinaingia mfukoni na jina la mnunuzi. Kama hajalipa hata nusu mpaka kesho yake, kinarudi kwenye kamba. Siku ambayo mtandao haupo, yaya anauza tu mali iliyo mkononi mwake Goma.

Picha nazo zilituletea maneno. Status inafutika yenyewe kisha saa 24, na hiyo inasaidia, lakini watu wanahifadhi picha na kutumiana. Mtu alitupigia akitaka kitenge kilichokwisha miezi mitatu nyuma, na kwa bei ya zamani. Sasa yaya anaweka karatasi juu ya kitenge kabla ya kupiga picha: namba ya kitenge, bei na tarehe. Mnunuzi anataja namba, na ugomvi unakwisha.

Halafu kuna kufikisha mzigo, na hapa ndipo faida inapopotelea. Mutazame hesabu. Kitenge cha yadi sita yaya alikuwa akinunua dola 18 na kuuza 24, faida dola 6. Mwenye pikipiki alikuwa akiomba dola 5 kupeleka mzigo mmoja vijijini, na mnunuzi alitakiwa kumlipa akifika. Lakini akimkosa mnunuzi, au mnunuzi akisema rangi si ile aliyoona kwenye simu, yaya analipa zile dola 5 pamoja na 3 za kurudisha. Amepoteza dola 8 kwa kitenge ambacho kingemupa 6. Mizigo miwili ya namna hiyo kwa wiki inakula faida ya mingine karibu mitatu iliyofika vizuri.

Dawa aliyopata ni kutotuma mzigo mmoja mmoja. Anangoja mpaka maombi ya upande mmoja yafike kumi, anayafunga pamoja, mwenye pikipiki anakubali dola 20 kwa yote. Hapo kila mzigo ni dola 2. Tena hapeleki nyumba kwa nyumba. Anapeleka kwa mama mmoja mwenye kibanda sokoni, ambaye anabaki na nusu dola kwa kila mfuko, na wanunuzi wanakuja kuchukua wenyewe. Ubaya wake ni kungoja, mara nyingine wiki mbili, na mwenye harusi Jumamosi hawezi kungoja. Yule anaambiwa ukweli tangu mwanzo, atalipa dola 5 peke yake au atafute kwingine.

Tusidhani ni umaskini wetu tu. Jumia, kampuni kubwa ya kuuza mtandaoni iliyoanza Nijeria mwaka 2012, nayo ililazimika kuweka vituo vya kuchukulia mizigo, na Novemba 2019 ilifunga kazi yake Tanzania, nchi yenye barabara za lami na bila barieri za watu wenye silaha. Kwetu mwenye pikipiki analipa kwenye kila barieri, na hakuna anayempa karatasi. Kwa hiyo bei ya kupeleka Walikale haijulikani kabla ya safari. Yaya anasema bei ya kitenge peke yake, na ya njia anaisema siku ya kuondoka.

Kuhusu malipo, nitasema moja tu, maana liliniuma mimi mwenyewe. Nilimsaidia yaya siku moja, mtu akanitumia picha ya ujumbe wa M-Pesa kuonyesha amelipa, nami nikaachilia vitenge viwili. Ule ujumbe ulikuwa wa kutengenezwa. Tangu siku hiyo hatuangalii ujumbe wa mtu. Tunafungua hesabu yetu wenyewe na kutazama salio. Na kwa sababu simu moja mara nyingi inatumiwa na familia tatu, mnunuzi anachagua neno la siri. Anayefika kibandani bila lile neno hapewi mfuko, hata kama ni bwana wake.

Januari 2025 vita vikafika Masisi-centre, kisha Goma. Duka lilifungwa, na kilichokuwa kwenye kamba hatukukiona tena. Benki za Goma zikafunga, na mawakala wengi hawakuwa na makuta mkononi, hivyo hata pesa iliyokuwa kwenye simu ilikaa humo. Februari kambi zikabomolewa. Anwani zote tulizokuwa tumeandika, jina la kambi, bloku, jina la mkubwa wa bloku, zilikufa kwa siku chache. Namba za simu ndizo zilizobaki kwenye kitabu, na mdogo wetu alikibeba kitabu kile kuliko sufuria.

Yaya alizipiga namba zote, moja moja. Wengine walirudi vijijini, wengine wako kwa jamaa. Mifuko saba iliyokuwa imelipwa aliifikisha, mmoja ukapita Bukavu na barabara ya Hombo mpaka Walikale, siku kumi na moja njiani. Umebaki mmoja, kitenge cha kijani namba 42, cha mama wa Nyabiondo aliyelipa yote. Simu yake haipatikani. Kama unasikia haya, mama, neno lako la siri tunalo, na mfuko wako uko.