Hapana Arobaini

Tuseme kila zabuni unayotuma ina nafasi moja kati ya 20 ya kukupa kazi. Ukituma 20, uwezekano wa kukosa zote ni 0.95 kwa kipeo cha 20, yaani kama 0.36. Watu 36 kati ya 100 wenye uwezo uleule watatoka mikono mitupu. Ukifika 40, bado 13 watakuwa hawajapata kitu.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya niendelee. Kati ya Aprili na Juni nilituma zabuni 40 za kazi za tafsiri mtandaoni, nje ya saa zangu za chumba cha habari, na sikupata hata moja. Rafiki yangu akaniambia, “Shusha bei, ndugu yangu.” Nikamwambia ngoja kwanza nisome daftari.

Daftari langu lina safu chache tu: saa kazi ilipotangazwa, saa niliyotuma, bei, imefunguliwa au la, nimejibiwa au la. Kati ya 40, zilifunguliwa 10. Kati ya hizo 10, wateja 4 walijibu. Kati ya hao 4, hakuna aliyenipa kazi.

Sifuri ndiyo inayouma, lakini wanne ni wachache mno. Hata kama ningekuwa na uwezo wa kumnasa mteja mmoja kati ya wanne, ningewakosa wote karibu mara moja katika kila mara tatu. Kujibiwa 4 kati ya 10 si vibaya. Zabuni 30 ambazo hazikufunguliwa kabisa, hapo sasa ndipo pa kuangalia.

Nikazipanga kwa saa. Zilizotumwa ndani ya saa moja tangu kazi itangazwe zilikuwa 12, na 7 zilifunguliwa. Zilizochelewa zilikuwa 28, zikafunguliwa 3 tu. Bei ilikuwa ileile kwa zote, na barua ileile, kwa hiyo bei haiwezi kueleza tofauti hiyo. Wateja wangu wengi wako Marekani: New York ikiwa saa tatu asubuhi miezi hiyo, Dar ni saa kumi jioni. Zabuni ya alfajiri inakuta foleni.

Basi nikabadili kitu kimoja tu: kutuma jioni, kazi ikiwa mbichi. Bei na barua sikugusa, maana ukibadili vitatu kwa pamoja hutajua kipi kimesaidia. Katika 20 zilizofuata, 11 zilifunguliwa, 5 zilijibiwa, na moja ikawa kazi.

Hiyo moja haithibitishi chochote. Yaweza kuwa bahati. Ninayoiamini ni ile 11. Na lengo langu la wiki bado ni zabuni tano zilizotumwa mapema, kwa sababu hilo liko mikononi mwangu. Kuchaguliwa ni kwa mteja.