Mbuzi Yuko Jikoni

Kutunga fumbo la kutafuta maneno kunaonekana kazi ya dakika 5. Unachora visanduku, unaficha maneno, unajaza herufi. Mimi nilikuwa namtungia mpwa wangu wa miaka 9, mtoto wa Nairobi, na mada ilikuwa jiko la bibi yake kule Mombasa.

Jedwali lilikuwa 10 kwa 10, yaani visanduku 100. Neno la herufi 10 linaingia, lakini kwa mshazari lina njia mbili tu, kona hadi kona. La herufi 8 lina nafasi ya kupumua, kwa hivyo hapo ndipo nilipoweka mpaka. Mbuzi ya nazi, ukiiunganisha, ni herufi 11. Ikabaki MBUZI, na mtoto akauliza, “Shangazi, mbuzi anafanya nini jikoni?” Si ndio raha yenyewe? Nikamwambia ni kile kibao chenye meno ya chuma, bibi anakikalia akikuna nazi.

Maneno mafupi nayo yana vituko. JIKO limekaa ndani ya KIJIKO, sasa mtoto akizungushia hizo herufi nne utamwambia amekosa? Nikayatoa yote mawili. Nikabaki na KIKAANGO, SUFURIA, KIFUMBU, BIRIKA, CHUNGU, MAFIGA, UPAWA, MBUZI, MWIKO na KINU. Jumla herufi 59, na kwa kuwa maneno yakikatana yanatumia herufi moja, visanduku vinavyojaa vinapungua kidogo. Zaidi ya nusu ya jedwali ikiwa maneno, hakuna pa kuyafichia.

Kuna neno lililonifikirisha kuliko yote: KIFUMBU, kile kifuko cha kusukwa cha kuchujia tui. Siku hizi tui linatoka kwenye pakiti, na mtoto hajawahi kukiona. Neno asilolijua hawezi kulikisia akiona herufi mbili za mwanzo. Kwa hivyo nikalilaza wima kabisa, juu kwenda chini. SUFURIA analoliona kila siku ndilo nililolipindua kinyumenyume kwa mshazari. Wengi hufanya kinyume, ati neno gumu lifichwe zaidi, kisha mtoto analiruka na halisikii tena.

Zikabaki herufi za kujazia. Usichukue alfabeti nzima. Q na X hazimo katika Kiswahili, na C haitembei bila H, kwa hivyo jicho linazitupa haraka na maneno yanabaki uchi. Nilichota kutoka maneno yale yale kumi, hasa A, I na U. Ubaya ni kwamba herufi hizo zinaweza kujipanga zenyewe. Nilisoma kila mstari pande zote, kwanza kutafuta KINU cha pili, halafu neno jingine la herufi nne lenye K, U, M na A, ambalo mama yake asingenisamehe.