Mstari Umekatika, au Faranga Imepumzika Tu?

Huku Rusizi kila mtu ni kambisti kidogo. Mama anapeleka bidhaa Bukavu asubuhi, jioni anarudi Kamembe na faranga za Kongo mkononi, na swali lake ni moja: nibadilishe leo nichukue dola, ama ningoje? Vijana ninaofanya nao kazi wanamjibu kwa kuchora mistari kwenye simu. Mimi nawaambia twende kwanza kwenye daftari la hesabu, lile la vyumba vidogo, tuchore kwa mkono.

Kazi yenyewe si ngumu. Miaka inaenda kulia, bei inapanda juu. Dola ikiwa inapanda, mstari unachorwa chini ya bei, unashika mabonde, si vilima. Unachagua pointi mbili, unaweka rula, unaurefusha mbele. Sasa shida iko hapo kwenye kuchagua.

Tuchukue dola kwa faranga za Kongo, bei za mwisho wa mwaka, kwa makadirio. Kuanzia 2013 hadi 2015 dola ilikaa karibu 930, haisogei. Mwisho wa 2016 ikawa kama 1,200. Mwisho wa 2017, kama 1,590. Mwisho wa 2018, 1,630. Mwisho wa 2019, 1,670.

Kijana mmoja aliweka rula kwenye 2013 na 2016, akapata mstari unaopanda polepole, kama faranga 90 kwa mwaka. Kwa mstari huo mwaka 2018 hakuna kilichokatika, kwa sababu ungetaka 1,380 tu na bei iko 1,630. Lakini angalia mwisho wa 2015: mstari wake unapita karibu 1,110, na bei ilikuwa 930. Yaani bei iko chini ya mstari ambao unasema umeibeba. Huo haushiki kitu, unapita hewani. Kanuni ya kwanza ndiyo hiyo: katikati ya pointi zako mbili, mstari usikate bei yoyote.

Pointi ya kweli ya kuanzia ni mwisho wa 2015, pale bei ilipoondoka. Kutoka 930 hadi 1,200 ni faranga 270 kwa mwaka. Urefushe: mwisho wa 2017 unataka 1,470, na bei ni 1,590, bado iko juu. Mwisho wa 2018 unataka 1,740, na bei ni 1,630. Imeingia chini kwa faranga 110.

Je, hiyo ni kukatika kweli? Hapa watu wengi wanakimbia. Sisi tunauliza mambo matatu. La kwanza, bei imefunga chini ya mstari, au ilipita tu? Asubuhi mtu anasema mpaka umefungwa, makambisti wanashusha, jioni bei imerudi. Hiyo usiihesabu, andika bei ya jioni. La pili, pengo ni kubwa kuliko kuyumba kwa kawaida? Kama wiki ya kawaida bei inacheza faranga 20, pengo la 15 si habari. La tatu, bei inabaki chini? Mwisho wa 2019 mstari ulitaka 2,010, bei ikawa 1,670. Pengo limekuwa 340. Basi, umekatika.

Lakini tazama vizuri: dola haikushuka hata mwaka mmoja. Mstari ulikatika kwa sababu bei ilikuwa inatembea taratibu huku mstari ukikimbia kwenda juu. Kukatika kulisema jambo moja tu, kwamba mwendo ule wa haraka umekwisha. Hakukusema faranga itapata nguvu. Mwaka 2020 dola ilipanda tena, na mwisho wa mwaka ikawa kama 1,970.

Kwa yule mama tofauti hii ni chakula. Mwenye kuamini mstari bado uko hai mwaka 2018 anakimbilia dola kila jioni, na kila akibadilisha kambisti anakata chake. Mwenye kuelewa kukatika kuwa ni kurudi chini anaweka akiba yake yote kwa faranga, halafu 2020 inamkuta hapo.

Na mstari wa pointi mbili ni dhana tu. Unapata nguvu bei ikirudi kuugusa mara ya tatu ikapanda tena. Huu wetu haukuguswa hata mara moja. Bei iliporudi kwake, ilipita. Ndiyo maana vijana wanaandika tarehe ya siku waliyochora, kwa bic, si kwa penseli. Ukiusogeza mstari kila bei inapoupita, hautakatika kamwe, na hautamwambia mama kitu.

Sasa tumepanga kuandika bei ya dola Kamembe kila Ijumaa jioni. Daftari liko wazi kwa yeyote anayetaka kuweka rula yake.